Maana ya Ovadrafti: Gharama Yake, na Jinsi Inavyotofautiana na Mkopo

Mtu anayefungua akaunti ya hundi katika benki kwa mara ya kwanza hukutana na maneno mengi mapya katika karatasi anazopewa kutia sahihi. Mengi ya maneno hayo huelezwa na karani kwa dakika moja, nayo yakaeleweka. Lakini liko neno moja ambalo watu wengi hulipokea kwa kuitikia kwa kichwa tu, kisha wakaja kulijua maana yake baadaye kwa hasara. Neno hilo ni ovadrafti.

Maana yake si ngumu. Mtu akiwa na shilingi 20,000 katika akaunti yake, naye akaandika hundi ya shilingi 80,000, akiba yake haitoshi. Zinapungua shilingi 60,000. Benki yaweza kufanya moja la mambo mawili. Yaweza kuirudisha hundi bila kuilipa, au yaweza kuilipa yote na kujaza upungufu ule kwa fedha yake yenyewe. Ikiilipa, akaunti ya mtu huyo imeshuka chini ya sifuri kwa shilingi 60,000. Kule kushuka chini ya sifuri kwa ruhusa ya benki ndiko kunakoitwa ovadrafti. Katika taarifa ya akaunti, salio la namna hiyo huandikwa herufi DR kando yake, maana yake mwenye akaunti anadaiwa na benki. Salio lililo juu ya sifuri huandikwa CR, maana yake benki ndiyo inayodaiwa na mwenye akaunti.

Ovadrafti si jambo la jana. Katika mwaka 1728 mfanyabiashara mmoja wa mji wa Edinburgh katika Uskochi, jina lake William Hog, alikubaliwa na benki iliyoitwa Royal Bank of Scotland kuchukua hata pauni 1,000 zaidi ya fedha alizokuwa ameweka. Shida yake ilikuwa ile ile ya wenye maduka wa leo, yaani kulipa wauzaji wa mali kabla ya kulipwa na wanunuzi. Hakuwa mtu maskini, bali fedha yake ilikuwa njiani. Msomaji akiikumbuka shida hiyo ya Hog, atakuwa ameshika shina la habari hii, maana ovadrafti ilibuniwa kwa ajili ya fedha iliyo njiani, nayo hufaa kwa kazi hiyo tu.

KIKOMO NA RUHUSA

Ovadrafti ya halali huanza kwa mapatano. Mwenye akaunti huomba, na benki huchungua jinsi fedha zilivyokuwa zikiingia na kutoka katika akaunti yake kwa miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo mtu aliyefungua akaunti juzi si rahisi kupewa, kwa kuwa benki haijamjua. Benki ikiridhika humwandikia barua ya kumkubalia, na katika barua hiyo hutajwa kikomo, yaani kiasi ambacho akaunti haina ruhusa kukipita katika kushuka. Hutajwa pia riba, ada, dhamana kama inatakiwa, na tarehe ambayo mapatano yatatazamwa upya, ambayo aghalabu ni baada ya mwaka mmoja.

Yafaa ieleweke wazi kwamba kikomo si fedha iliyowekwa katika akaunti. Mtu aliyepewa kikomo cha shilingi 100,000 hakupewa shilingi 100,000. Amepewa ruhusa tu. Asipoitumia ruhusa hiyo, hadaiwi riba hata senti moja, ijapokuwa ada ya kuandaa mapatano atakuwa amekwisha kuilipa, na benki nyingine hutoza pia ada ndogo juu ya sehemu ya kikomo isiyotumiwa.

RIBA HUHESABIWA KWA SIKU

Hapa ndipo penye tofauti kubwa ya kwanza kati ya ovadrafti na mkopo. Riba ya ovadrafti hutajwa kwa mwaka, lakini huhesabiwa kwa siku, na huhesabiwa juu ya upungufu uliopo siku hiyo tu. Kila jioni benki hutazama akaunti imeshuka kiasi gani, nayo huandika riba ya siku moja. Mwisho wa mwezi hujumlisha riba za siku zote na kuzitoa katika akaunti.

Ili hesabu iwe rahisi kufuatwa, na tuseme kwamba riba waliyopatana ni asilimia 18.25 kwa mwaka. Kiasi hicho ni cha mfano tu. Kila benki ina riba yake, na hata katika benki moja wateja wawili waweza kutozwa riba mbili. Sheria iliyoweka mpaka wa riba za mabenki katika Kenya ilianza kutumika Septemba 2016, na mpaka huo ukaondolewa Novemba 2019, kwa hiyo riba ya kutegemewa ni ile iliyoandikwa katika barua ya mteja mwenyewe. Sasa, asilimia 18.25 ya shilingi 1,000 ni shilingi 182 na senti 50 kwa mwaka. Ukigawanya kwa siku 365 utapata senti 50. Basi katika mfano huu kila shilingi elfu moja ya upungufu hugharimu nusu shilingi kwa kila siku inayolala.

Natuchukue fundi mmoja wa kushona sare za shule katika mji wa Machakos. Kila mwaka shule hufunguliwa Januari, na wazazi hununua sare katika majuma ya kwanza ya mwezi huo. Lakini vitambaa ni lazima vinunuliwe mwanzoni mwa Desemba, la sivyo sare hazitakuwa tayari. Fedha yake iko njiani, kama ya yule mfanyabiashara wa Edinburgh. Benki imemkubalia ovadrafti yenye kikomo cha shilingi 100,000, naye amelipa kwa taslimu ada ya kuandaa mapatano, asilimia 2 ya kikomo, yaani shilingi 2,000. Katika mfano huu na tuhesabu kwamba ushuru wa serikali unaotozwa juu ya ada za benki umo ndani ya kiasi hicho.

Tarehe 1 Desemba akaunti ina shilingi 20,000, naye analipa vitambaa kwa hundi ya shilingi 80,000. Akaunti imeshuka shilingi 60,000, na riba yake ni shilingi 30 kwa siku. Inakaa hivyo siku kumi, na riba ya siku hizo ni shilingi 300.

Tarehe 11 Desemba anatoa shilingi 30,000 kwa ajili ya vifungo, nyuzi na mishahara ya vijana wawili wanaomsaidia. Upungufu umefika shilingi 90,000, na riba ni shilingi 45 kwa siku. Inakaa hivyo siku ishirini na tano, mpaka mwaka mpya umeingia. Riba ya siku hizo ni shilingi 1,125.

Tarehe 5 Januari wazazi wameanza kununua, naye anaweka benki shilingi 50,000. Upungufu umepungua hadi shilingi 40,000, na riba imeshuka mara moja, siku ile ile, hadi shilingi 20. Kwa siku kumi ni shilingi 200. Tarehe 15 Januari anaweka shilingi 70,000 nyingine. Akaunti imepanda juu ya sifuri, nayo ina shilingi 30,000 ambazo riba itatolewa humo. Tangu siku hiyo riba mpya imekoma.

Jumla ya riba ni shilingi 1,625. Yako mashilingi machache zaidi, maana riba ya Desemba ilipotolewa mwisho wa mwezi iliongeza upungufu kidogo, nayo ikazaa riba juu ya riba, lakini kwa siku chache zile haifiki shilingi 10. Tukiongeza ada ya shilingi 2,000, fundi ametumia karibu shilingi 3,630 kuvuka siku arobaini na tano. Msomaji ataona kwamba ada imezidi riba. Ndivyo ilivyo mara nyingi kwa ovadrafti ya muda mfupi, na kwa sababu hiyo mtu anayeuliza riba tu bila kuuliza ada amejua chini ya nusu ya gharama.

KAMA ANGALICHUKUA MKOPO

Mkopo huenda kwa njia nyingine. Benki hutoa kiasi chote mara moja, na mkopaji hurudisha kwa mafungu ya kila mwezi yaliyopangwa tangu mwanzo, kila fungu likiwa na sehemu ya riba na sehemu ya fedha iliyokopwa. Kama fundi yule angalikopa shilingi 90,000 kwa mwaka mmoja, kwa riba ile ile inayohesabiwa juu ya deni linalobaki, angalilipa kama shilingi 8,260 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili. Mwisho wa mwaka riba yake yote ingalikuwa zaidi kidogo ya shilingi 9,100, mbali na ada. Angaliendelea kulipa Mei na Juni, wakati sare zimekwisha kuuzwa zamani na fedha imelala bure katika akaunti.

Kwa vitambaa vya msimu, basi, ovadrafti ilikuwa nafuu sana. Shilingi 1,625 na shilingi 9,100 si sawa, ingawa asilimia ya riba ni ile ile. Tofauti hiyo imetokana na idadi ya siku, maana mkopo ulihesabiwa siku nyingi na ovadrafti siku chache.

CHEREHANI MPYA

Lakini sasa na tuitazame hesabu hiyo kwa upande wa pili. Februari fundi yule, akiwa amefurahia msimu wake, anaona cherehani ya umeme yenye bei ya shilingi 90,000. Kikomo chake kingali wazi. Hana haja ya kuomba tena wala kungoja. Anaandika hundi, na cherehani inaletwa dukani. Kwa kuwa zile shilingi chache alizokuwa nazo zimekwisha kulipa kodi ya duka na karo za watoto, akaunti imeshuka shilingi 90,000.

Cherehani ni kitu kizuri, wala hakuna aliyemdanganya. Ila cherehani haiuzwi Januari kama sare. Hurudisha bei yake polepole, shati kwa shati, kwa mwaka mzima au zaidi. Kila mwezi fundi huweka fedha alizopata, na kila mwezi huzitoa tena kwa vitambaa, mishahara na matumizi ya nyumbani, na upungufu hubaki pale pale karibu na shilingi 90,000. Benki haimdai fungu lolote la kila mwezi, maana ovadrafti haina mafungu. Anaona riba tu ikitolewa mwisho wa mwezi, kiasi cha shilingi 1,350 au 1,400, naye anaiona ni kitu kidogo kuliko zile shilingi 8,260 za mkopo.

Hapo ndipo penye mtego. Shilingi 45 kwa siku, kwa siku 365, ni shilingi 16,425, hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba, ambayo kwa mwaka mzima si shilingi 10 tena. Mwenye mkopo angalilipa riba ya shilingi 9,100 na mwisho wa mwaka asidaiwe kitu, cherehani ikawa mali yake kamili. Fundi wetu amelipa riba ya zaidi ya shilingi 16,000, na deni lake bado ni shilingi 90,000 zote. Tena mapatano yanapotazamwa upya mwisho wa mwaka, analipa ada nyingine ili yaendelee.

Na hasara iliyo kubwa kuliko riba inamngoja Desemba. Msimu wa sare umefika tena, vitambaa vya shilingi 80,000 vinatakiwa, naye anaandika hundi kama alivyofanya mwaka uliopita. Lakini kikomo kilikwisha kuliwa na cherehani tangu Februari. Zimebaki shilingi 10,000 tu. Hundi inarudishwa bila kulipwa. Benki inamtoza ada ya hundi iliyorudishwa, mwenye vitambaa anampa mali mtu mwingine, na wazazi wanakwenda kununua sare kwa jirani. Tena jambo la hundi isiyolipwa si la aibu peke yake, kwa kuwa sheria ya Kenya humhesabia makosa mtu anayeandika hundi huku akijua kwamba akaunti haina fedha za kuilipa. Fundi aliyekuwa na kazi njema na wateja waaminifu amekosa msimu kwa sababu ya kununua kitu cha miaka mingi kwa fedha ya siku chache.

BENKI YAWEZA KUDAI WAKATI WOWOTE

Iko tofauti nyingine ambayo haionekani katika hesabu, nayo ndiyo inayowashangaza watu wengi. Anayelipa mafungu ya mkopo kwa wakati wake hana sababu ya kudaiwa deni lote kabla ya muda. Mapatano yamemlinda. Lakini ovadrafti kwa desturi ya mabenki ni deni linaloweza kudaiwa lote wakati wowote benki ikitaka. Neno hilo huandikwa katika barua ya mapatano, mara nyingi katika sehemu ambayo watu hawaisomi. Benki yaweza kupunguza kikomo kutoka shilingi 100,000 hadi shilingi 50,000, au kukiondoa kabisa, na mwenye akaunti atatakiwa kurudisha fedha iliyozidi.

Benki haifanyi hivyo kwa kupenda. Kwa kawaida meneja huona dalili kwanza katika akaunti, na dalili hizo mwenye akaunti aweza kuziona mwenyewe akitaka. Na achukue taarifa za miezi kumi na miwili, kisha apige mstari chini ya salio la juu kuliko yote katika kila mwezi. Akaunti iliyo na afya hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Mwezi huu ni DR, mwezi ujao ni CR, kisha DR tena. Lakini akiona kwamba kwa miezi mitano au sita hata salio la juu kabisa ni DR, na ya kwamba halipandi kupita kiasi fulani, kwa mfano shilingi 70,000 chini ya sifuri, basi hizo shilingi 70,000 si ovadrafti tena kwa maana ya kweli. Zimekuwa mkopo usio na mpango wa kulipwa.

Mtu aliyegundua hivyo afanye jambo moja kabla benki haijamwita. Aende kwa meneja, aombe sehemu ile isiyotikisika igeuzwe kuwa mkopo wa mafungu, na kikomo cha ovadrafti kibaki wazi kwa ajili ya mali ya msimu. Mabenki huyafahamu maombi ya namna hiyo na hupendezwa nayo, maana deni lenye tarehe ya kwisha ni bora kuliko deni lisilo na tarehe. Fundi wetu angalifanya hivyo Machi, cherehani ingalilipwa kwa mafungu, na Desemba angalikuta shilingi 100,000 za kikomo zikimngoja.

KUPITA KIKOMO

Mambo huwa mabaya zaidi mtu akishuka kupita kikomo, au akishuka chini ya sifuri bila mapatano yoyote. Hutokea bila kukusudia, kwa mfano siku ada za mwezi zinapotolewa katika akaunti ambayo haina kitu. Ovadrafti isiyo na ruhusa hutozwa riba ya juu kuliko ile ya kawaida, na aghalabu ada ya adhabu huongezwa. Deni dogo la namna hiyo likisahauliwa hukua, na benki isipolipwa hupeleka jina la mdaiwa katika ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji. Mtu huyo aweza kunyimwa mkopo na benki nyingine kwa sababu ya akaunti aliyodhani imekwisha kufa. Kwa hiyo anayetaka kuacha kutumia akaunti asiiache tu, bali aifunge kwa maandishi.

Hata hivyo sheria imeweka mpaka. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki ya Kenya chasema kwamba deni likiisha kuhesabiwa kuwa halilipwi, riba inayoendelea kuongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha deni kilichokuwapo siku hiyo lilipoacha kulipwa. Mtu aliyekuwa anadaiwa shilingi 90,000 siku ile hawezi kudaiwa riba ya baadaye ya shilingi 300,000. Lakini mpaka huo ni wa kuzuia maangamizi, wala si mwanzo wa nafuu, maana hata shilingi 90,000 juu ya shilingi 90,000 ni mzigo mzito.

OVADRAFTI YA SIMU

Watu wengi katika Kenya wamekwisha kutumia ovadrafti hata kabla ya kuingia mlango wa benki, ila hawakuiita kwa jina hilo. Huduma ya Fuliza, iliyoanza Januari 2019 katika M-Pesa, ni ovadrafti. Mtu hutuma fedha asizokuwa nazo, upungufu hujazwa, na fedha yoyote inayoingia baadaye katika simu yake hukatwa kwanza kulipa deni.

Lakini gharama yake huhesabiwa kwa namna nyingine, na mwenye akaunti mpya ya benki asizichanganye. Kule hutozwa ada ya mara moja wakati wa kuchukua, kisha ada ya kila siku iliyopangwa kwa madaraja ya deni, wala si asilimia ya mwaka. Na tuseme, kwa mfano, kwamba deni la shilingi 600 linatozwa shilingi 6 kwa siku. Shilingi 6 yaonekana kitu kidogo. Lakini katika hesabu ya fundi tuliona kwamba shilingi 1,000 iligharimu senti 50 kwa siku, na kwa hiyo shilingi 600 ingegharimu senti 30. Shilingi 6 ni mara ishirini ya senti 30. Kwa dharura ya siku moja huenda ikafaa. Kwa siku thelathini ingekuwa shilingi 180 juu ya deni la shilingi 600.

Kipimo hicho cha gharama ya shilingi elfu moja kwa siku moja chaweza kutumiwa juu ya deni lolote, la benki au la simu, nalo huondoa fumbo la asilimia.

MASWALI KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mtu anayepewa barua ya ovadrafti na asitie sahihi mpaka amejibiwa maswali machache. Kikomo ni kiasi gani, na kitatazamwa upya tarehe gani? Riba ni asilimia ngapi kwa mwaka, nayo ikizidi kikomo itakuwa ngapi? Ada ya kuandaa ni kiasi gani, na je, italipwa tena kila mwaka? Kuna ada juu ya sehemu isiyotumiwa? Benki ikitaka fedha yake irudishwe, itatoa notisi ya siku ngapi? Na dhamana iliyowekwa, iwe hati ya shamba au kitu kingine, itafunguliwa lini?

Kisha na ajiulize mwenyewe swali moja, ambalo karani hawezi kumjibu. Kitu anachotaka kukinunua kitauzwa lini, na fedha yake itaingia benki tarehe gani? Akiweza kutaja tarehe, nayo ni ya majuma au ya miezi michache, ovadrafti itamfaa. Asipoweza kuitaja, au ikiwa kitu chenyewe hakiuzwi bali kitatumika miaka mingi, kama cherehani, ng'ombe wa maziwa, bati la nyumba au pikipiki, basi na aombe mkopo wa mafungu, ijapokuwa utamchelewesha majuma mawili na kumtoa jasho kila mwezi.